Majina Sita kwenye Daftari la Shangazi

Shangazi yangu ni fundi umeme. Kila anapofika mahali na mkoba wake wa vifaa huulizwa fundi mwenyewe yuko wapi, naye huwaambia, "Amenituma nianze, yeye anakuja," kisha anapanda ngazi. Akishuka, taa zinawaka, na bado wanamsubiri fundi mwenyewe.

Kazi aliianza katika karakana ya kusuka mota, akahamia majumbani, na sasa ana miaka kumi na tisa ya kutandaza nyaya. Ana vidole vifupi vigumu, miwani aliyoifunga kwa utepe mweusi wa umeme, na tabia ya kuingia nyumba ya watu na kuitazama soketi kabla hajamsalimia mwenye nyumba. Kitu kimoja tu alikuwa hana: leseni. Bila leseni hawezi kutia sahihi fomu ya kuomba nyumba iunganishiwe umeme. Kwa hiyo kazi anafanya yeye, sahihi anatia kijana mmoja tunayemwita Koleo, ambaye shangazi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumenya waya bila kujikata.

"Anakuja na kalamu tu," shangazi aliwahi kuniambia. "Hata bisibisi habebi. Anauliza, mama, nitie wapi? Namwonyesha."

Vitendo alifaulu mara mbili. Nadharia alianguka mara mbili. Mtihani wa nadharia una masharti yake: ukijiandikisha unachagua lugha moja, na jibu lililochanganya lugha mbili halisahihishwi. Shangazi alichagua Kiswahili. Akaingia akaandika alivyofundishwa: "Kwanza switch off main, halafu hakikisha hakuna voltage kwenye line ndio uanze kazi." Jibu sahihi kabisa, tena lenye kuokoa roho ya mtu. Likapata yai. Sasa alibaki na nafasi ya tatu, nayo ni ya mwisho. Akikosa, atafanya kazi chini ya kalamu ya Koleo mpaka azeeke.

Nilipozisikia habari hizi damu ilinichemka. Nilikuwa nimetoka chuoni mwaka huohuo, na kama kuna jambo linaloninyima raha ni watu wetu kufundishwa kwa lugha ya vipande vipande kisha kuadhibiwa kwa vipande hivyohivyo. Mwalimu anasimama mbele anachanganya, mwanafunzi anaandika alichosikia, mtihani unamkata mwanafunzi. Mwalimu hakatwi kitu. Nikamwambia shangazi aniletee madaftari yake yote.

Yalikuwa matatu, yamejaa alama za vidole vyenye grisi. Niliyasoma mezani kwake huku yeye akikaanga vitunguu, na kila ukurasa ulinipa hasira mpya. Kifaa kimoja alikiita breka ukurasa wa pili, sakiti breka ukurasa wa tano, kisha "ile inayotrip", kisha "safety switch", kisha "kikata umeme", na mwisho kabisa "ile yenye kidude cha test".

"Shangazi, majina sita kwa kitu kimoja," nilimwambia. "Hivi mtu atakumbuka lipi?"

"Mimi nakumbuka yote."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

"Sawa, msomi," akasema, akipunguza moto. "Nisafishie. Ila usiondoe maana ukaacha sabuni."

Nilisafisha kwa wiki nzima. Nilikataa kila neno lenye harufu ya ugeni, hata yale ambayo bibi yangu alikufa akiyatumia. Fyuzi niliita kiyeyuki. Waya wa moto ukawa waya-hai, ethi ikawa waya-ardhi. Nyutro ilinisumbua siku mbili, mwisho nikaandika "waya usiofungamana na upande wowote". Yale majina sita niliyafuta yote nikaweka moja, kikatizo. Sikuishia hapo. Kanuni ya V = I × R niliiona nayo ni mabaki ya utumwa, nikaiandika upya: Ms = Mk × U, yaani msukumo ni sawa na mkondo mara ukinzani. Nikachapa kurasa ishirini na nne, nikazifunga kwa waya wa plastiki, nikampelekea kama mtu anayepeleka mahari.

Shangazi alivaa miwani. Akasoma kwa sauti mpaka kwenye nyutro, akarudia.

"Waya usiofungamana na upande wowote," alisema. "Baba, huyu ni waya au ni nchi?"

"Ndiyo maana yake hasa, shangazi. Ukifikiri vizuri."

"Nikimtuma mtu ngazini anipe huo waya, nikimaliza kuutaja atakuwa ameshashuka."

Alicheka hadi akavua miwani aifute. Lakini alipomaliza kucheka alifanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma: aliniamini. Alisema yeye hakusoma, mimi nimesoma, basi nitakuwa najua. Akaweka madaftari yake kabatini, akaanza kukariri kurasa zangu. Asubuhi akichemsha chai utamsikia: kiyeyuki, waya-hai, kikatizo. Mwenye nyumba mmoja alimpigia simu kwamba soketi haifanyi kazi, shangazi akamwuliza kama ametazama kikatizo. Mwenye nyumba, akidhani anaulizwa habari za uganga, akajibu kwamba ameacha hayo mambo, siku hizi anasali.

Wiki tatu kabla ya mtihani, chuo cha ufundi alikokuwa akisoma jioni kilitoa jaribio la majibu ya kuandika. Shangazi alipata thelathini na moja kwa mia. Koleo, ambaye hata hakuwa darasani, alipata habari kabla yangu.

Nilimkuta shangazi mezani, karatasi iko mbele yake, hajavua hata viatu vya kazi. Aliweka kidole kwenye swali la nane. Liliuliza: bafuni kuna hita ya maji ya wati elfu tatu kwenye volti mia mbili na arobaini, taja kifaa kinachoulinda mzunguko usizidiwe na mzigo, na kifaa kinachomlinda mtu umeme unapovuja. Shangazi alikuwa amepiga hesabu sawasawa, ampea kumi na mbili na nusu. Kisha kwenye kifaa cha kwanza akaandika kikatizo. Kwenye kifaa cha pili akaandika kikatizo.

"Nilikaa na hili swali robo saa," alisema taratibu. "Mkono wangu unajua ni viwili. Nimevifunga miaka kumi na tisa. Lakini karatasi yako ilisema ni kimoja, nikajiambia, labda mimi ndiye nilikuwa sijui."

Aliinuka akaleta mkoba, akatoa vitu viwili akaviweka mezani. Vinafanana kama ndugu.

"Huyu anaangalia wingi. Mzigo ukizidi, au nyaya zikigusana, anakata. Huyu mwenye kidude cha kutest anapima unaokwenda na unaorudi. Ukienda mwingi ukarudi pungufu, ujue umepita kwa mtu, basi anakata. Yule wa kwanza mtu atakufa yeye anamtazama tu, maana umeme wa kuua mtu kwake ni mdogo. Sasa wewe umewaoza jina moja."

Basi yale majina sita yalikuwa ya vitu viwili. Matano ya mmoja, moja la mwenzake. Nilikuwa nimehesabu majina, sikuuliza vitu.

Kesho yake nilikwenda chuo cha ufundi kumwona mwalimu wake, nikiwa nimejipanga kumlaumu yeye kwa yote. Ni mzee mfupi mwenye chaki mfukoni mwa shati. Alikuwa na kurasa zangu mezani, nakala aliyoachiwa na shangazi.

"Wewe ndiye mwenye kiyeyuki?" aliuliza.

"Ndiye mimi, mwalimu. Na wewe ndiye unayewachanganyia lugha."

"Ndiye mimi." Hakukasirika, jambo lililoniudhi zaidi. "Haya ya V na I na R umeyatoa wapi?"

"Nimeyatafsiri."

"Hizo ni alama, kijana. Hazina kabila. Msahihishaji akiona Ms atadhani mgonjwa kaandika akiwa na homa."

Nilimwuliza basi watahiniwa watajuaje neno gani linakubaliwa. Akafungua mtoto wa meza, akasukuma kando chaki na kipande cha mkate, akatoa karatasi mbili: orodha ya maneno ya mtihani, imetolewa na wenye mtihani wenyewe, ina muhuri.

"Iko hapa tangu lini?"

"Huu mwaka wa nne."

"Na hukuwapa?"

"Hakuna aliyeomba."

Nilitaka kupiga meza. Niliisoma kwanza. Fyuzi. Waya wa moto. Nyutro. Ethi. Breka. Kinga ya uvujaji. Maneno ya mafundi wenyewe, karibu yote, yameandikwa kwa herufi nzuri. V, I na R zimeachwa zilivyo. Niliomba nakala kumi na nne, moja kwa kila mwanafunzi wa darasa lile, nikasimama mlangoni mpaka mwalimu akazigawa.

Kazi ya pili tuliifanya kwa sheria ya shangazi. Nilichora safu mbili: kushoto majina yote yaliyomo kwenye madaftari, kulia neno la orodha. Lakini sikuruhusiwa kuandika kulia mpaka yeye akitoe kitu mkobani na kusema kinafanya nini. Meza ilijaa. Kitu kisichobebeka alikieleza kwa mikono. Mota aliichezea kwa kiuno. Tukishapata neno, kitu kile hakikuitwa tena kwa jina jingine, hata wakati wa chakula. Nilipotaka kurudisha "mkondo" badala ya "karenti" kwa sababu ninaupenda, alitazama orodha.

"Orodha inasema mkondo. Una bahati, baba."

Zilitoka kurasa kumi na moja. Sentensi zilikuwa zake, mimi nilizinyoosha tu: "Zima swichi kuu. Pima kuhakikisha nyaya hazina umeme. Ndipo uanze kazi."

Alifanya mtihani siku ya Jumatano, akatoka akaenda moja kwa moja kufunga feni kwa mteja. Matokeo yalikuja baada ya miezi miwili: sabini na nne, amefaulu. Alinisomea kwenye simu kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya nyanya, kisha nikamsikia anapenga kamasi.

Jumamosi ya kwanza baada ya leseni kutoka nilimsindikiza kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyokuwa ameimaliza. Koleo alifika na kalamu yake kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

"Mama, nitie wapi?"

"Leo nishikie ngazi," shangazi akamjibu.

Akaiweka fomu juu ya boksi la mita. Nikaikodolea macho. Kichwa cha habari Kiingereza, maelezo Kiswahili, masharti Kiingereza tena, na chini nusu kwa nusu. Nilianza kueleza kwamba hii ni dharau, kwamba tuandike barua, kwamba wenye fomu hii ndio walewale wanaowakata watu alama.

"Utaandika, mwanangu, na mimi nitatia sahihi barua yako," shangazi alisema, akirekebisha miwani. "Sasa hivi nikandamizie hiyo pembe, upepo unaipeperusha."

Niliikandamiza. Aliandika jina lake lote, polepole, mpaka likatoka nje ya mstari.