Mashimelo ya Harusi ya Jumamosi

Stima ilipotea nikiwa nimeanza tu kupiga mchanganyiko. Nilikuwa nimemaliza kumimina sharubati ya sukari ya moto, uzi mwembamba baada ya mwingine, juu ya jelatini, ule unga wa kugandisha unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, iliyolowa maji baridi, na mashine ilikuwa imezunguka dakika nne hivi. Bakulini kulikuwa na povu jepesi, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Lilihitaji dakika kumi na mbili. Kisha kimya.

Nyumba yangu iko Makongeni, Thika, katika ploti ya wapangaji sita, na jikoni kwangu ndiko kazini kwangu: keki, biskuti na, siku hizi, mashimelo, zile peremende laini za povu la sukari. Hayo yalikuwa ya harusi ya binti wa jirani yangu. Jirani ni mama kutoka Kisii, aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi hadi alipostaafu. Tangu kadi zichapishwe, hakuwa amesema na bintiye. Harusi iliwekwa Jumamosi, na kwake Jumamosi ni Sabato, siku ya ibada na mapumziko tu.

Mchanganyiko ule hausubiri mtu. Ukipoa kabla haujaumuka, jelatini inagandia chini kama mpira na huwezi tena kuurudisha. Nikachukua kipigio cha mkono nikaanza. Baada ya muda mkono ukawa mzito, nikaita dirishani, "Mama, nisaidie kidogo!"

Alikuja akijifuta mikono kwa leso. Hakuuliza ni ya nani. Alishika kipigio, akaegemeza bakuli kifuani.

"Hii jelatini ni ya nguruwe?" aliuliza.

"La, Mama. Ni ya ng'ombe, imeandikwa pakitini."

"Sawa."

Akapiga. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati, ile mvua ya mchana isiyo na haraka, na mwanga uliotoka dirishani ukawa wa kijivu laini. Tulipokezana. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Wakati ulikuwa umelegea, kama tumekaa ndani ya lile povu lenyewe. Liliongezeka, likajaa bakuli, likawa jeupe kabisa, linang'aa. Vanila ilinukia hadi nikahisi mimi si mtu wa kulipa kodi wala kufua.

"Linafanana na wingu la kule kwetu asubuhi," alisema. "Linashuka kwenye migomba, huwezi kuona jirani."

Halafu, akiendelea kupiga, "Ni ya msichana wangu, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mama."

Mkono wake ulisimama. Niliogopa. Nilisema tu, "Likikaa litaganda." Akashusha pumzi, akaendelea.

Alipoinua kipigio, povu lilianguka polepole kama utepe, likakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Chini ya bakuli palikuwa vuguvugu tu. Nikalimwaga kwenye trei niliyoipaka mafuta na kunyunyizia unga, tukalifunika, likalala hadi asubuhi.

Ijumaa alirudi mwenyewe, mapema. Nilikata kwa kisu kilichopakwa mafuta. Kila upande uliokatwa ulinata vidoleni. Alitaka kunyunyizia sukari ya unga tupu, bila kitu kingine.

"Hapana, Mama. Nilishafanya hivyo. Sukari inavuta unyevu, inayeyuka. Niliwahi kumpelekea mtu Ruiru pakiti ishirini, zikafika kila moja ni bonge."

Tulichanganya sukari ya unga na wanga mweupe wa mahindi, nusu kwa nusu. Tukaviringisha kila kipande, pande zote sita, kisha tukavipepeta kwenye chekecheo ili unga wa ziada udondoke. Alifanya taratibu sana, kama anayempaka mtoto poda baada ya kuoga. Vikakaa kwenye trei bila kushikana hata kimoja.

"Saa ngapi wanamaliza kesho?" aliuliza bila kunitazama.

"Watakuwa Mwihoko, kwa kina bwana harusi, mpaka jioni. Wana chakula."

"Jua likizama, Sabato imeisha," alisema, akaendelea kupepeta.

Jumamosi mimi nilikwenda mapema na masanduku. Ibada ilipita, picha zikapigwa, watu wakala. Binti alikuwa akicheka na kila mtu, lakini kila geti lilipogongwa aliangalia. Muda baada ya jua kutua nyuma ya magorofa, mama aliingia, amevaa gauni la kanisani la asubuhi, mkoba mkononi.

Binti aliwaacha wageni akamwendea. Akasema, "Mama, umekula?"

"Bado."

Binti alimkalisha mezani, akamletea wali na nyama, akaketi kando yake na gauni lake jeupe likigusa sakafu. Mama alikula vyote. Nilipopita na trei, binti alichukua mashimelo moja, akaiuma, unga ukamwagika kidevuni, na mama yake akamfuta kwa kidole gumba.