Mjomba, Mawe na Ng'ombe Mmoja

Mjomba wangu haambiliki. Ukimwambia kaa, anasimama; ukimwambia subiri, ameshavaa viatu. Ukame ulimfyekea zizi zima akabakiwa na ng'ombe mmoja, naye alikuwa na mimba pevu. Jioni moja ng'ombe huyo hakurudi na wale wa jirani, na huko malishoni fisi hawana mchezo.

Mjomba akanipigia simu. Mimi ndiye mwenye droni yenye kamera ya joto, ile inayoonyesha kila chenye joto kama doa jeupe. Kazi yangu ni kuwatafutia watu mifugo iliyopotea. Nikamfuata malishoni kwa gari.

"Rusha sasa hivi!"

"Mjomba, jua ndiyo kwanza limezama. Mawe yamekunywa jua mchana kutwa. Kwenye kioo yatang'aa kama ng'ombe. Tungoje yapoe."

"Subira waambie wasiopotelewa na ng'ombe!"

Basi, nikarusha. Kioo kikajaa madoa meupe, utadhani mnada. Kila doa lililotulia, Mjomba anatimua mbio na tochi, anafika, anapiga teke jiwe na kunitukana mimi. Betri ya kwanza ikaishia kwenye mawe, nikaweka ya pili. Nilitamani kulia.

Nikamwambia atulie garini. Wapi! Akaita majirani wasambae nyikani, wakipiga miluzi. Sasa kila jirani naye ni doa jeupe linalotembea. Nifanye nini mimi, Mungu wangu? Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka: "Rudini nyote! Mnanivurugia!" Wakarudi wakinung'unika. Mjomba akanuna, akasema vijana wa siku hizi hatuna heshima.

Ardhi ilipopoa, nikarusha kwa betri ya tatu, ya mwisho. Mawe yalikuwa yamefifia, karibu kulingana na udongo. Nikapita kwa mistari, huku na huko, nikikwepa vichaka, maana kamera haioni kupitia majani. Ng'ambo ya korongo kukawa na doa kubwa, refu. Nikaishusha droni kidogo. Doa likageuza shingo. Ubavuni mwake kulikuwa na kidoa hafifu, hakisogei.

"Amezaa, Mjomba! Ndama amelowa, anapoa. Vuka korongo, shika kulia!"

Safari hii alinisikia. Nilimwongoza kwa simu, huku betri ikilia kama mtoto mwenye njaa. Kulia, mbele, hapo hapo. Nikaliona doa lake likiinama, kisha likang'aa ghafla, kifua kizima. Mzee amevua koti na shati kwenye baridi ile, na umri ule!

"Mjomba, vaa nguo! Unataka tukuzike?"

Kidoa kikapotea chini ya koti. Akalala pale pale, kifua wazi, amelikumbatia lile koti. Mama wa ndama akasogeza kichwa.

"Mjomba! Unanisikia?"

"Acha kelele," akasema, pumzi zikimkatika. "Anatetemeka. Aliyekufa hatetemeki."