Kumvika Mama Nguo za Miaka ya Sitini

Picha yenyewe tuliipiga nyumbani kwangu Oakdale, huku ughaibuni, Jumapili moja ya Machi baada ya ibada, kwa sababu dirisha langu la sebuleni ni kubwa na kaka yangu mdogo hana subira ya studio. Mama ameketi. Kaka amesimama nyuma yake, mimi kulia, binti wa kaka kushoto. Sote tuko ndani ya sweta nzito, maana Machi ya huku ni baridi ile ile ya Januari, imebadilisha jina tu.

Mama alikuwa anatimiza miaka themanini, na kaka alikuwa na wazo. Tubadilishe nguo kwenye ile picha kwa kompyuta. Mama aonekane bibi harusi kama siku aliyofunga ndoa na baba, nasi wengine tuvae kama watu wa miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga. Picha ya harusi ya wazazi wetu haipo. Tangu utotoni tuliambiwa ilikuwa kwenye sanduku la bati, paa likavuja, ikalowa. Baba amekwisha tangulia. Kaka alitaka kumrudishia mama ile picha siku ya sherehe, ukumbini, mbele ya kanisa lote. Wazo lilikuwa zuri, sikatai.

Kazi akapewa binti yake, ambaye anasoma chuo na anazijua hizo programu. Unaipa picha, unaiandikia kwa maneno unachotaka kibadilike, nayo inachora nguo upya. Jibu la kwanza lilinikuta kazini Hopkins, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwa kwenye mapumziko. Nikafungua simu. Kaka yangu, meneja mzima wa ofisi za Eden Prairie, alikuwa na ngozi ya chui begani. Mimi nilijazwa shanga hadi masikioni. Mama alikuwa na kilemba kikubwa kilichosimama kama kile cha wanawake wa Afrika Magharibi, na uso wake ulikuwa umenyooshwa, mikunjo yote imefutwa. Nilipandwa na hasira hadi chai ikapoa mkononi.

Nikampigia binti. "Umeiambia nini hiyo kompyuta?"

"Auntie, I just said traditional African wedding, nineteen sixties."

"Shosho yako, mama yangu, aliolewa kanisani, milimani, kuna baridi na kuna wamishonari. Nani alivaa chui?"

"But that's what it gives you."

"Inakupa ulichoiomba. Ukiiomba Afrika, itakupa Afrika ya sinema."

Nikamwambia aniachie maneno, yeye abaki na vitufe.

Kabla sijawa mtu wa kuogesha wazee wa watu, nilikuwa fundi cherehani Nakuru, miaka kumi na mmoja. Wenye maduka ya kukodisha magauni ya harusi walituletea yale ya zamani tuyashone yalipochanika, kwa hiyo gauni la miaka ya sitini nimelifumua kwa mikono yangu, ninajua hata limeshonewa wapi kwa ndani. Nikaketi, nikaandika kama ninayempa maelezo fundi mgeni asiyejua lolote. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya kulinda watu: nyuso, mikono, namna tulivyokaa na mwanga wa dirisha visiguswe, zibadilike nguo tu. Kisha nchi, nyanda za juu, miaka, harusi ya kanisani. Kisha mtu mmoja mmoja kutoka kichwani hadi miguuni: kitambaa, rangi, kola, mikono, kiuno, upindo, vifungo, viatu.

Kaka nilimpa suti ya kijivu kilichokolea, vifungo vitatu, kola nyembamba, tai nyembamba, suruali iliyobana chini. Nikaikataza programu isithubutu kumpa kola pana wala suruali ya miguu mipana, hizo zilikuja muongo uliofuata. Mimi nilijipa sketi ya kuvuka magoti na sweta ya vifungo. Binti nilimpa gauni la mkanda na soksi fupi nyeupe. Na mama nilimvika kama malkia: gauni jeupe la satini, kiuno cha juu, mikono mirefu hadi viganjani, glavu, na shela fupi ya kufika mabegani, imeshikiliwa na taji dogo la maua ya kitambaa.

Tulijaribu mara tatu. Ya tatu ilitoka barabara. Hata upindo ulikuwa mahali pake. Sikuweza kungoja sherehe. Nilijisifu peke yangu garini njia nzima hadi Eden Prairie, kwa kaka, ambako mama anaishi.

Mama akavaa miwani, mimi na kaka tumemsimamia, akaishika picha niliyoichapisha kwa mikono miwili. Akaitazama sana.

"Huyu ni nani?"

Nikadhani ni macho. "Ni wewe, Mama. Siku ya harusi."

"Mimi sikuvaa hii."

"Ndivyo walivyovaa maharusi wa wakati ule, Mama. Nimeshona mengi ya—"

"Nani amekuuliza ulishona nini?" Sauti yake ilikuwa kali, na mama si mtu wa kupaza sauti. "Hilo gauni lilikuwa la misheni. Lilikuwa moja, la wote. Shela ilifungiwa kabatini kwa mke wa mchungaji. Ukienda na tumbo, huipati."

Mimi ni kifungua mimba wake. Katika miaka yangu hamsini na kitu, sikuwahi kuhesabu miezi. Nilihesabu pale pale, nimesimama kwenye zulia la kaka yangu.

Akatueleza yote, na alieleza kama anayefoka. Walifungishwa ndoa Jumatano asubuhi, siku isiyo na watu, kupitia mlango wa pembeni. Kwaya haikuitwa. Mpiga picha wa misheni aliambiwa asije, eti hakuna cha kupiga. "Picha haikulowa," akasema. "Haikuwepo. Baba yenu ndiye aliyetunga hayo ya paa kuvuja. Yeye alivaa suti yake, akapita, wala hakuna aliyemuuliza kitu."

Nilimkasirikia baba yangu marehemu, Mungu anisamehe. Nikamkasirikia mke wa mchungaji na funguo zake. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, fundi hodari, niliyepatia kila kifungo cha wakati ule nikamkosa mama yangu.

"Basi ulivaa nini?" nikamuuliza.

Hakusita hata kidogo. Gauni la pamba, la buluu, lenye maua madogo meupe. Kola ya duara. Vifungo mbele hadi kiunoni. Mikono mifupi. Lilikuwa gauni lake la Jumapili, likawa halimtoshi, fundi akafumua kiuno akaongeza kipande kilichobaki cha kitambaa kile kile. Lakini gauni lilikuwa limeshafuliwa mara nyingi na kile kipande kilikuwa kipya, kwa hiyo kilikuwa buluu zaidi, mstari mzima tumboni. "Kila aliyenitazama alitazama hapo," akasema. Kichwani kitambaa cheupe, kimefungwa nyuma ya shingo. Miguuni raba za turubai, amezipaka chaki ziwe nyeupe.

"Nivikeni hivyo."

Kaka akakohoa. Kaka ni mzee wa kanisa, na akikohoa hivyo ujue kamati imeshakaa kichwani mwake. "Mum, hii inaenda kwa screen mbele ya watu wote. Wataanza kuuliza maswali."

"Waulize."

"Si tuache tu ile white? Ni nzuri, na watu wataelewa."

"Unamwonea mama aibu?" nikamwambia.

"Nakulinda wewe, dada."

"Unilinde na nini? Na tumbo lililonizaa?"

Tukazozana hadi mama akaondoka kwenda chumbani. Mlangoni aligeuka, akasema, "Mficha uchi hazai," akafunga mlango.

Juma lile nilikaa na binti wa kaka kila nilipotoka zamu. Nilidhani itakuwa rahisi. Tukaandika bibi harusi bila shela, ikaleta shela. Tukaandika hapana shela kabisa, ikaleta ndefu zaidi. Binti ndiye aliyeng'amua: ukilitaja neno, inalichora, na neno harusi peke yake linatosha kuita nguo nyeupe. Basi tukaiondoa harusi, tukaondoa kanisa, tukataja tu kilichokuwepo. Kitambaa cheupe cha kichwani, kimebana nywele, fundo nyuma ya shingo. Kile kipande cha kiunoni kikatutesa zaidi, kila mara kiligeuzwa mkanda. Nikaandika kwamba ni kitambaa kile kile chenye maua yale yale, buluu yake haijapauka, kimeshonwa juu na chini ndani ya gauni, hakina kifungio cha mkanda. Kikakubali. Mama alipoiona aliisogeza karibu na miwani. Aliweka kidole juu ya ule mstari wa buluu, akakiacha hapo.

Nikamtumia kaka. Akajibu kwa alama ya kidole gumba, kukubali. Nikaamini, mjinga mimi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Manesi waliotoka zamu, wanafunzi wa chuo, akina mama wa kanisa na masufuria yao ya pilau. Taa zikapunguzwa, na ukutani likatokea lile gauni la satini, pana kama gari, na shela. Watu wakapiga vigelegele. Kaka alikuwa anapiga makofi, hatazami upande wangu. Nilikuwa nimeshasimama nikamwaibishe hapo hapo, lakini mchungaji alikuwa amempelekea mama kipaza sauti atushukuru.

Mama hakushukuru mtu. Aligeuka akaitazama picha hadi vigelegele vikaisha vyenyewe.

"Yule wa pale juu simjui," akasema. "Mimi nilifunga ndoa nikiwa na tumbo la huyu." Akaninyooshea kidole. Nikasikia mfuniko wa sufuria jikoni. Macho ya ukumbi mzima yalikuwa tumboni mwake na usoni kwangu.

Kaka akamsogelea haraka, akainama, akamnong'oneza, "Mum, tafadhali." Kipaza sauti kikatutangazia wote.

"Shela nililia nikiitaka, wakaninyima," mama akamwambia, naye hakunong'ona. "Leo siitaki, unanivika kwa nguvu. Tofauti yako na wao ni nini?"

Kaka alibaki ameinama vile vile, mkono kwenye kiti cha mama. Binti yake, kwenye kompyuta, hakungoja aambiwe. Satini ikatoweka ukutani, likaja gauni la buluu na mstari wake, na hakuna aliyejua kama apige makofi.