Chenji ya Vidonge

Siku ya nne niliingia uvunguni mwa kitanda kutafuta kidonge. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na mimi mtu mzima wa miaka hamsini na miwili natambaa kwa magoti na viwiko, napapasa sakafu ya udongo kama kuku. Nilikumbuka kuna kimoja kilichoniponyoka wakati wa masika. Nikakipata kwenye pembe, kimeshikana na vumbi na utando wa buibui. Sikukifuta. Nikakitia kinywani.

Binti yangu akaingia na ndoo ya maji kichwani. Aliishusha, akaja, akanibana mataya kama wanavyombana ndama asiyetaka dawa, akanitia kidole. Nikamng'ata. Nilimng'ata mwanangu mpaka nikaionja damu yake.

"Tema, mama," akasema. Hakupiga kelele. "Tema."

Nikatema. Tukakaa chini sote wawili, kidonge katikati yetu. Alama ya meno yangu iko kwenye kidole chake mpaka leo.

Sasa nirudi nyuma, niseme nilifikaje huko. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo nitaeleza kama nilivyoyaona.

Kichwa nilizaliwa nacho. Mama yangu alikuwa nacho pia. Kilikuja mara moja kwa mwezi, au mbili, upande mmoja, kikigonga kama mtu anayetwanga, na mwanga ukawa adui. Nilitapika, nikalala gizani huku nyumbani, kijijini Wema, na kesho yake nikaamka nikaenda shamba. Kipandauso. Kwa kichwa hicho simlaumu mtu. Ni kile cha pili ndicho kina wenyewe.

Nilianza kupeleka ndizi na maembe Garsen, kuuzia abiria wa mabasi ya Malindi na Lamu. Pale huwezi kulala gizani. Basi likisimama, unakimbia na sinia. Ukichelewa, mwenzako ameshauza. Wanawake wa pale stendi walinifundisha dawa ya kinga. Asubuhi, kabla kichwa hakijakuanza, unameza viwili na chai ya rangi iliyokolea. Tuliambiana kwamba ukingoja kianze, umechelewa. Tulimeza wote, wenye kichwa na wasio na kichwa, kama watu wanavyofunga leso kabla ya kubeba mzigo. Nawataja wanawake hao kuwa wa kwanza, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu baadaye niliwafundisha wengine.

Wa pili ni mwenye duka. Duka lake linatazama stendi, na sote tulinunua kwake sukari, chumvi, mafuta ya taa. Sarafu kwake hazikuwapo siku zote. Watoto aliwarudishia peremende, wavutaji akawapa kiberiti, na mimi, kwa kuwa alikuwa ameniona nimejifunga kichwa kwa kitambaa, akanirudishia vidonge. Alivikata kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, viwili viwili. Vya waridi, vile vikali, ambavyo ndani wamechanganya dawa mbili na kahawa juu yake.

"Mama Kitambaa," alikuwa akiniambia, "kichwa chako na duka langu vimeoana. Hapa hakuna talaka."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilimwona mwema. Alikuwa akinipa dawa na wengine anawapa peremende.

Baada ya miezi kadhaa kichwa kikabadilika. Hakikuwa tena cha upande mmoja wala cha mara mbili kwa mwezi. Kilikuwa kila siku, alfajiri, kabla sijafumbua macho, kama ukanda umezungushwa na mtu anaukaza. Nikimeza, kinalegea mpaka adhuhuri. Halafu kinarudi, nameza tena. Nikaona ugonjwa unakua, na dawa ndiyo inayonishikilia nisife. Nani angefikiri vingine? Mtu akizama, hataulaumu mti alioushika.

Nilikwenda kwenye zahanati moja mara tatu. Mtu wa dirishani hakunyanyua uso. Aliniuliza nini, nikasema kichwa, akanisukumia pakiti ya vidonge vyeupe. Mara tatu, neno moja, pakiti moja. Huyo ni wa tatu. Hakunipima presha, hakuniuliza namezaje wala tangu lini. Nikarudi nyumbani nikavichanganya vyeupe vyake na vya waridi vya dukani.

Binti yangu alikuwa amepata nafasi ya kujifunza ushonaji Malindi kwa fundi mmoja, mwanamke anayefahamika. Fundi alisema atamwekea cherehani mpaka msimu wa maembe uishe, si zaidi. Lakini mimi sikuweza tena kubeba sinia. Nilisahau nani amelipa na nani hajalipa, nikitapika kando ya barabara. Akachukua sinia yeye. Akasema, "Ukipona ndiyo nitakwenda." Hilo ndilo lililokuwa mizani: nipone kabla ya maembe kwisha, au mwanangu azeeke akikimbilia mabasi ya watu kwa ajili ya kichwa changu.

Mwuza maziwa mmoja, Muorma aliyekaa karibu nami pale stendi, ndiye aliyeniambia kuna daktari mpya, binti wa kwao, katika kliniki upande wa pili wa mji. Nikaenda. Alikuwa mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alinipima presha, akanimulika machoni, akaigeuza shingo yangu polepole huku na huku, akaniuliza kama naona vibaya, kama mkono au mguu umekufa ganzi, kama kichwa kiliwahi kunipasua ghafla kwa mpigo mmoja. Vyote nilikataa. Akaniuliza kimeanza lini, nikamweleza vyote viwili, cha zamani na hiki.

Halafu akauliza nameza dawa siku ngapi kwa mwezi.

"Sinunui sana," nikamjibu. "Labda mara mbili."

Akaiweka kalamu mezani. "Mama, sikuuliza unanunua. Nimeuliza unameza."

Nakuapia sikuwa nikimdanganya. Kwa hesabu yangu, dawa niliyoinunua ndiyo dawa. Ile ya chenji ilikuwa chenji. Hakuna anayehesabu peremende.

Hakunigombeza. Alisema niende nyumbani nitafute kopo, na kila siku nitakayomeza, hata nusu kidonge, nitie punje moja ya kunde. Moja tu, hata nikimeza vidonge sita. "Usihesabu vidonge," alisema. "Hesabu siku." Binti yangu akalisimamia kopo. Mwezi ulipokwisha tulikwenda nalo, daktari akazimwaga kunde mezani, akazipanga kwa kidole. Zilikuwa ishirini na saba.

Daktari akaniambia kwamba kwa mtu mwenye kipandauso kama changu, vile vya mchanganyiko vikimezwa siku kumi au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaanza kuzaa maumivu. Vile vyeupe vya kawaida, ni siku kumi na tano. Akaniuliza kama nyumbani nafuga mbwa. Nikasema ndiyo.

"Akibweka usiku ukamtupia kipande cha nyama, atanyamaza," alisema. "Kesho atabweka apate nyama. Mwisho anabweka kila usiku, hata mwizi hayuko. Ubongo wako umezoea nyama. Dawa ikianza kuisha mwilini, unabweka, na masikio yake ya maumivu yamekuwa makali kuliko mwanzo."

"Na nikiacha kumtupia?"

"Atabweka sana. Wiki moja, pengine siku kumi. Kichwa kitakuwa kibaya kuliko hiki, utatapika, usingizi utakukimbia, utakuwa na hasira. Halafu atachoka."

Alisema mimi niache vyote siku moja, kwa kuwa vyangu si vile vya jamii ya afyuni. Anayetumia vile haachi ghafla peke yake, anashushwa pole pole na daktari. Akanipa dawa ya kuzuia kutapika, na kidonge kidogo cha kila usiku ambacho si cha kutuliza kichwa bali cha kukizuia kisije. Akasema nisije nikakimeza kwa pupa nikidhani ni sawa na vile vya waridi. Ninywe maji, nile kwa wakati, chai ya rangi niipunguze, nilale na kuamka saa zilezile. Na binti yangu akatupa chooni kila kidonge alichokiona nyumbani. Kimoja tu hakukiona, cha uvunguni.

Siku ya nne nimeshaisema. Ya tano nilimtukana mwanangu matusi ambayo hata sasa siyaandiki. Ya sita nililala na leso yenye maji usoni na nikasikia mabasi yakipita kichwani mwangu. Ya tisa niliamka nikala ugali. Hakikuwa kimeondoka, ila kilikuwa kimeshuka kidogo, kama mto unavyoacha alama ya tope ukutani kukuonyesha ulifika wapi. Wiki ya saba niliamka alfajiri nikatulia kitandani, nasikiliza. Ndani ya kichwa palikuwa kimya. Niliogopa kusogea.

Mwezi ule kopo lilikuwa na kunde mbili. Kipandauso changu cha kuzaliwa nacho kilirudi vilevile, upande mmoja, na sasa kidonge kikimezwa mapema kinafanya kazi kweli. Daktari ameniwekea mpaka: siku mbili kwa wiki, isizidi, na kopo liendelee kukaa dirishani.

Lakini maembe yalikuwa yamekwisha. Fundi wa Malindi alimpa msichana mwingine ile cherehani. Binti yangu alipopata habari alisema, "Basi," akajitwika sinia. Bado analo.

Nilirudi dukani siku niliyopata nguvu za kutembea mpaka pale. Nikanunua chumvi. Mwenye duka akafurahi kuniona, akasema Mama Kitambaa ameachika nini, mbona amepotea. Akachukua mkasi, akakata viwili, akavisukuma kwangu. Nikavirudisha mbele yake mezani. Nikamweleza yote, mbele ya watu, kuanzia kidonge cha kwanza mpaka kidole cha mwanangu.

"Mama, mimi nilikuwa nakusaidia," akasema. "Na kila duka linatoa."

Ni kweli, kila duka linatoa. Kwa hivyo naandika. Wanawake wa stendi nimewaambia, wengine wameacha, wengine wamenicheka. Mtu wa dirishani nilimfuata, akasema foleni ni ndefu. Mimi nimekwisha kujibu kwa upande wangu, kwa siku kumi na kwa aibu isiyokwisha. Binti wa watu aliyepewa nafasi ile Malindi hana kosa. Lakini kuna cherehani moja iliyopotea kwenye nyumba yangu, na haikupotea kwa uchawi wala kwa kudra.

Wewe uliyekata kwa mkasi bila kuuliza, na wewe uliyesukuma pakiti bila kunyanyua uso: mwanangu yuko stendi kila siku, na kidole chake kina alama. Nendeni mkamjibu.