Duara Langu Lilivyogeuka Yai

Mimi ni mtu wa kushuku. Sisemi hivyo kwa fahari, nasema ili anayesoma ajue anasimuliwa na nani. Chumvi ikipungua kwenye kopo nyumbani kwangu Liverpool, kabla sijakumbuka kwamba jana nilipika samaki, tayari nimeshamfikiria mtu.

Kwa hiyo nilipoanza kazi kwenye karakana ya kuchapisha vitambaa kule Smithfield, mwendo wa basi tu kutoka kwangu, na duara langu la kwanza likatokea kwenye skrini limelala kama yai, sikujiuliza kompyuta ina nini. Nilijiuliza nani kaichezea.

Karakana ilikuwa na kompyuta moja ya kuchorea na wachoraji wawili. Wa kwanza alikuwa dada mmoja wa Burundi, aliyekulia kambini Kigoma, mwenye miaka miwili pale. Yeye aliingia alfajiri na kuondoka saa sita mchana, akawahi zamu yake nyingine ya kutunza wazee. Mimi niliingia saa sita. Nilikuwa kwenye majaribio ya wiki tatu, na bosi alinieleza wazi siku ya kwanza: Ijumaa ya wiki ya tatu nitachora mbele ya mteja, na hapo ndipo ataamua kama nabaki au narudi kufua mashuka hotelini. Nilikuwa nimefua mashuka miaka minne. Sikutaka kurudi.

Yule dada alikuwa mwema mno, na wema mno mimi huutilia shaka. Kila siku aliniachia kikaratasi kimebandikwa kando ya skrini: "Karibu dada, chai iko kwa chupa." Chai ilikuwepo kweli, ya tangawizi. Niliinywa, lakini nikijiuliza anataka nini.

Ubao wa kuchorea wenyewe bosi alinifundisha kwa nusu saa. Ni sahani nyeusi bapa, unaiweka mezani, unachora juu yake kwa kalamu isiyo na wino, na mchoro unatokea kwenye skrini mbele yako. Si kama kipanya, ambacho ukikiinua na kukiweka pengine mshale unabaki ulipokuwa. Ubaoni kila mahali pana pake. Ukiweka kalamu kwenye kona ya juu kushoto, uko kona ya juu kushoto ya skrini. Ukiiweka katikati, uko katikati. Bosi alisema ubao wote umelinganishwa na skrini moja, mapana kwa mapana na marefu kwa marefu, ndiyo maana duara la mkono linabaki duara.

Akanionyesha pia mkandamizo. Kalamu inahisi unavyoibonyeza: ukigusa kidogo mstari unakuwa mwembamba, ukikandamiza unanenepa. Na kuna kidude cha kusogeza kwenye mipangilio, upande mmoja laini, upande mwingine ngumu. Kikiwa upande wa laini, mkono mwepesi unatosha kupata mstari mnene. Kikiwa upande wa ngumu, lazima ukandamize haswa. Mkono wangu ni mwepesi. Kabla ya mashuka, Tanga, nilikuwa fundi wa hina, nimechora maharusi tangu nikiwa na miaka kumi na minne, na mkono wa hina hauelemei ngozi ya mtu. Nikakisogeza kile kidude kwenye laini, karibu mwisho kabisa, na siku hiyo nikachora majani yaliyonipendeza mwenyewe.

Kesho yake saa sita na robo nikaweka kalamu, mstari ukatoka kama unywele. Nikafungua mipangilio. Kidude kilikuwa kwenye ngumu.

Nikakirudisha. Siku iliyofuata, ngumu tena. Ya tatu, ngumu. Nikasema, aha, kumbe.

Na hilo lilikuwa dogo. Balaa lilikuwa yai. Nachora vizuri dakika tano, kumi, halafu ghafla duara linatanuka pembeni, na nikipeleka mkono kulia kalamu inapotea kabisa. Naitafuta skrini nzima, haipo. Baadaye inarudi yenyewe kama vile hakuna kilichotokea. Siku moja nilinyanyua macho nikaiona alama yangu ndogo ikitembea kwenye ile televisheni kubwa ya ukutani, ambayo ilitumika kuwaonyeshea wateja kazi zao. Nywele zilinisimama. Nilikuwa peke yangu chumbani.

Nikaunganisha mambo, maana kwa kuunganisha mambo sijambo. Mtu anasogeza kidude changu kila siku, hilo nina hakika. Mtu huyo huyo ana miaka miwili kwenye mashine hii, anaijua nje ndani. Mtu huyo huyo, nikibaki, atagawana kazi na mimi. Chai ya tangawizi ikaanza kuniwia chungu.

Nilimkabili mara moja tu, kwa mafumbo. Alikuwa anafunga mkoba wake.

"Dada, hii mashine ina wenyewe nini?"

Akacheka. "Iko tu ya bosi, dada. Kuna problème?"

"Mistari yangu inakuwa myembamba."

"Ah, pardon! Ni mimi. Mkono yangu iko nzito, nikiacha kwa laini mistari yote inakuwa minene kama kamba." Kisha akatazama mkono wangu, nilikuwa nimeshika kalamu. "Na wewe usikamate hapo katikati kwa nguvu. Kuna ile buto."

Hapo ndipo nilipochukia. Mimi, niliyeshika koni ya hina miaka kumi na mbili, mtu ananifundisha kushika kalamu! Nilisikia dharau, sikusikia neno jingine lolote. Nikamwambia asante, kwa sauti ile ya asante isiyo asante.

Jumatano ya wiki ya tatu nikaenda kwa bosi. Nilimwambia ninavyoamini: kwamba mwenzangu anaharibu mipangilio kusudi ili nishindwe Ijumaa. Bosi akamuuliza. Naye, kwa kuwa ni mkweli, akakiri kwamba ndiyo, kidude cha mkandamizo huwa anakisogeza. Hayo mengine hayajui. Bosi hakuwa na muda wa kuchambua. Akamwambia kuanzia Alhamisi asiguse kompyuta, akasimame kwenye mashine ya pasi ya kubandika michoro kwenye fulana, ambako joto linakupiga usoni zamu nzima. Yule dada alichukua mkoba wake, akapita mbele yangu. Kusema kweli nilifurahi, na ile furaha nimeikumbuka mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Alhamisi hakuna aliyegusa mashine isipokuwa mimi. Kidude kilikaa kwenye laini palepale nilipokiacha. Lakini yai lilirudi mara tatu. Nikajiambia lazima alitega kitu kabla hajaondoka. Mtu akitaka kushuku hakosi pa kushikilia.

Ijumaa niliitwa asubuhi, na mteja akaja, mama mmoja wa Mombasa, anamwoza binti yake. Alitaka mitandio ya kuwagawia wageni, yenye pindo la maua ya hina kama yatakayokuwa mikononi mwa bibi harusi. Nilimwamkia, akaitikia, akavuta kiti karibu yangu. Bosi akasimama nyuma yetu. Moyo ulikuwa unanidunda hata nikahofia kalamu itauhisi.

Nikaanza. Ua la kwanza likaja zuri, mama akaguna kwa kuridhika. La pili nikataka jani nene, nikashusha mkono, na tazama, jani likatapakaa upana mara mbili, na petali ya kulia ikakatika ikahamia ukutani, kwenye televisheni. Bosi akavuta pumzi. Nikafuta, nikarudia. Ikapotea kabisa.

"Nilikwambia," nikamwambia bosi, "ameiharibu."

Yule mama hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anatazama mkono wangu, kama wanawake wa kwetu wanavyomtazama fundi kabla ya kumpa mikono ya binti yao.

"Mwanangu, wewe wapaka hina?"

"Nilikuwa napaka, mama."

"Ndo maana. Mbona waibana hiyo kalamu? Hiyo si koni."

Nikatazama kidole gumba changu. Kilikuwa kimebana kitufe kilicho ubavuni mwa kalamu.

Anayejua hina ataelewa mara moja. Unene wa mstari wa hina hautoki kwa kukandamiza ngozi, unatoka kwa kubana koni. Na unaibana kabla ncha haijagusa, ili hina ianze kutiririka. Kila nilipotaka jani nene, mkono wangu ulifanya ulichozoea tangu utotoni: ulibana kwanza, mara moja au mbili, ukagusa baadaye. Na kile kitufe kilikuwa kimewekewa kazi ya kuhamisha ubao. Ukikibonyeza mara moja, ubao wote unakuwa wa televisheni. Mara nyingine, ubao uleule unagawanywa kwa skrini zote mbili, nusu huku nusu kule, kwa hiyo kila hatua ya kwenda pembeni inakuwa ndefu mara mbili na duara linalala. Mara nyingine tena, unarudi ulipokuwa. Ndiyo ile buto niliyoambiwa nisiikamate.

Nilibonyeza kusudi, bosi akiona. Yai. Nikabonyeza, duara.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Ilikuwa mimi siku zote."

Bosi akaenda kumwita. Akaja na fulana yake imelowa jasho mgongoni, akasikiliza, hakunitazama. Aliinama, akafungua mipangilio, akaonyesha: kitufe kile alikiweka mwenyewe zamani, ili akiwa na mteja aruke haraka kwenye televisheni amwonyeshe mchoro. Akakizima. Akarudisha ubao kwenye skrini moja. Akauliza kidude nakitaka wapi, nikasema laini, akakisogeza. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akasema, "Hakuna problème," akarudi kwenye pasi kumalizia fulana alizoanza.

Nilimaliza pindo mchana uleule. Mama wa Mombasa alilipenda, na bosi akanipa kazi. Jumatatu yule dada alirudishwa kwenye kompyuta yake ya asubuhi.

Ni mwaka wa pili sasa. Tunagawana mashine kama zamani, yeye kabla ya saa sita, mimi baada. Siku hizi sikuti kidude kwenye ngumu hata siku moja. Kabla ya kuondoka anaweka kila kitu ninavyopenda mimi: laini, skrini moja, kitufe kimezimwa. Halafu anaipiga picha ile mipangilio kwa simu yake, saa ikionekana pembeni, na kunitumia. Huwa niko kwenye basi inapoingia. Kando ya skrini hakuna kikaratasi, na picha huja peke yake, bila hata salamu.