Mnyama wa Herufi Saba

Mwalimu Nyamongo, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi kilimani kule Marani, alikuwa na sheria moja iliyomkera Mwalimu Drusilla Mong'ina kuliko sheria zote alizowahi kuzisikia: usiguse swali la pili kabla hujamaliza la kwanza. Aliifundisha darasani. Akaitumia hata kwenye chemshabongo ya gazeti, ambayo walimu waliifanya pamoja kila Alhamisi wakinywa chai, yeye akiwa ameshika kalamu kama fimbo.

Sheria hiyo ndiyo iliyomwangusha Mokeira, mdogo wake Drusilla. Mwaka uliotangulia, katika mtihani wa darasa la saba, mtoto alikwama kwenye hesabu ya kwanza, akakaa nayo, akalia nayo, na kengele ikalia hajafungua ukurasa wa pili wa karatasi. "Kwa nini hukuiruka?" Drusilla alimuuliza. Mokeira akajibu, "Mwalimu Mkuu alikataza." Sasa alikuwa akichuma maua ya pareto katika shamba la baba yao, na alikuwa na akili kuliko nusu ya walioendelea mbele. Wiki mbili zilikuwa zimebaki darasa jingine lifanye mtihani, na sheria ilikuwa pale pale.

Alhamisi hiyo gazeti lilifunguliwa mezani. "Moja, kulia," akasoma Nyamongo. "Mnyama wa kufugwa. Herufi saba."

"Ng'ombe," akasema Mwalimu Obwocha.

"Sita."

"Kondoo?"

"Sita pia. Mbuzi tano, punda tano."

"Sungura," Obwocha akasema. "Saba hizo!"

"Sungura ni wa porini," Nyamongo akamkata. Wakarudi kwa ng'ombe, wakamhesabu tena kana kwamba angeota herufi usiku. Wakarudi kwa kondoo. Chai ikapoa. Drusilla aliwatazama watu wazima watatu, yeye mwenyewe akiwemo, wakizunguka zizi moja.

"Mwalimu Mkuu, tumekwama. Tukishaanza kurudia majibu yale yale, hakuna kipya kitakachotoka. Tuliache, twende chini."

"Hatukimbii swali, Mwalimu Drusilla."

"Hatulikimbii. Tutalirudia." Akalivuta gazeti upande wake. Obwocha alikodoa macho. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya mzee huyo gazeti. Drusilla akachukua penseli, maana jibu usilo na hakika nalo haliandikwi kwa wino, akaanza na maneno ya kushuka, yale yaliyoanzia kwenye visanduku vya neno lile lile lililowashinda.

"Hutengeneza asali. Herufi tano."

"Nyuki," Obwocha akasema kwa sauti ndogo.

N ikakaa mwanzoni. Kifaa cha kupepetea wimbi, herufi nne: ungo. U ikaingia ya tatu. Hunywewa asubuhi, herufi tatu: uji. U nyingine, ya tano. Hutafutwa shuleni, herufi tano: elimu. E ikafunga.

"Sasa turudi juu," Drusilla akasema. "Sungura ameondoka, maana angeanza na S. Tunatafuta N, nafasi, U, nafasi, U, nafasi, E."

Obwocha alisogeza midomo, kisha akaufunga mdomo haraka. Drusilla naye aliliona jibu, na uso ukamwaka. Wote watatu walikuwa Wasabato, waliokatazwa kula nyama najisi. Mnyama huyo hakufugwa katika boma lolote walilolijua, wala hakutajwa mezani.

"Nguruwe," akasema.

"Mwalimu!" Nyamongo akang'aka. "Sisi hatumfugi!"

"Gazeti halikuuliza sisi tunafuga nini. Hesabu."

Nyamongo akahesabu kwa kidole, taratibu, mara mbili. Saba. Kisha mzee akacheka, akacheka mpaka machozi, akaichukua kalamu na kuandika kwa wino herufi zilizobaki. "Hiyo akili! Ukiacha, linakuja lenyewe!"

"Haliji lenyewe. Linakuja kwa sababu ulipoliacha ulikwenda kutafuta msaada kwa majirani zake. Basi waambie darasa la saba hivyo hivyo."

Kicheko kikakatika. "Mchezo ni mchezo. Mtihani unataka nidhamu."

Kwa hiyo kitu cha mchezo kiliruhusiwa kuwa na akili, na cha kuamua maisha ya mtoto kilitakiwa kuwa kijinga! Drusilla akaweka penseli chini. Aliinuka, akavuka uwanja hadi darasa la saba, akafungua mlango. Nyamongo alimfuata akihema, akafika akiwa bado ameshika kalamu.

"Sikilizeni nyote," Drusilla akasema. "Swali likikugomea, weka alama pembeni, endelea mbele. Chukua yale unayoyaweza. Kisha rudi, huenda la mbele limekukumbusha kitu. Na kama halikukukumbusha, angalau hayo mengine umeyapata."

Watoto hawakumtazama yeye. Walimtazama mwalimu mkuu.

"Mwalimu Drusilla," akasema Nyamongo, "nani amekupa ruhusa ya kubadilisha sheria yangu?"

"Mokeira," akajibu.

Mzee alilijua jina hilo. Alikuwa amelisoma mwenyewe katika orodha ya walioanguka, mbele ya shule nzima. Akasimama hapo mlangoni, akaitazama kalamu mkononi, kisha akaitia mfukoni.