Kichwa Kinachoitikia

Kwa miaka tisa nimejigamba kuwa mimi ni mdodosaji hodari wa utafiti wa afya, nikihoji watu nyumba kwa nyumba. Nikiuliza kama familia huchemsha maji ya kunywa, wengi hujibu ndiyo. Juzi mtakwimu wetu, dada mmoja mkali, aliendesha hesabu iitwayo regresheni ya lojistiki ili aone ni sifa zipi zinazotabiri ndiyo au hapana. Umri, elimu na umbali wa kisima havikufua dafu. Akaongeza jina la mdodosaji. Kwa watu wenye sifa zilezile, uwiano wa ndiyo kwa hapana kwangu ulikuwa mara nne ya ule wa wenzangu.

"Kaka, unaitikia kwa kichwa ukiuliza," akasema.

Uzushi mtupu! Nyumbani nikamuuliza mke wangu kama ni kweli.

"Ndiyo," akajibu.

Hapo nikagundua kichwa changu kilikuwa kikiitikia tangu nilipoanza kuuliza.